Ganzi ya miguu na kidonge cha foliki

Mtu akiambiwa ana upungufu wa damu, mara nyingi huondoka na vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, basi. Wengi hupona. Yupo mgonjwa, hata hivyo, ambaye foliki peke yake inaweza kumwachia ulemavu.

Tuseme ni mama wa miaka 60 mwenye himoglobini ya gramu 7.6 kwa desilita. Anachoka upesi, ulimi umekuwa mwororo na unamuuma, na kwa miezi kadhaa nyayo zimekuwa zikimfa ganzi. Kwenye majibu ya maabara, mstari wa MCV, yaani ukubwa wa seli nyekundu, unaonyesha 116. Kawaida ni kati ya 80 na 100. Upungufu wa chuma hufanya seli ziwe ndogo na zilizopauka, kwa hiyo chuma si mshukiwa wa kwanza hapa. Seli kubwa kiasi hiki hutufanya tushuku foliki au kobalamini, yaani vitamini B12. Uboho unazihitaji zote mbili ili seli zigawanyike. Zikikosekana, seli hukua bila kugawanyika kwa wakati.

Tatizo ni kwamba kwenye darubini hali hizo mbili hazitofautiani. Mama huyu akipewa foliki miligramu 5 kila siku, himoglobini inaweza kupanda hata kama alichopungukiwa ni B12, na kila mtu ataridhika. Lakini foliki hailindi utando wa neva. Ganzi itapanda kuelekea magotini, ataanza kuyumba akifumba macho, na uti wa mgongo ukishaumia kwa muda mrefu huenda usipone.

Ndiyo maana B12 hupimwa kwanza. Tena mwenye ganzi hasubirishwi majibu: akishatolewa damu ya kipimo, huanza sindano za haidroksokobalamini, aina ya B12, miligramu 1, siku moja apate, inayofuata apumzike, mpaka nafuu ya neva ifike kikomo. Baadaye hudungwa kila baada ya miezi miwili. Foliki, ikihitajika, huja baada ya hapo. Ndani ya wiki moja hivi seli changa huongezeka kwenye damu. Himoglobini ikikwama njiani, tunapima chuma, kwani uboho ulioamka hukitumia kwa kasi.

Pia ni vizuri kuuliza dawa anazotumia. Metformini ya kisukari, ikitumika miaka mingi, hupunguza ufyonzwaji wa B12.

Kuna pia sindano za erithropoietini kwa upungufu wa damu, lakini hizo hazizibi pengo la lishe. Erithropoietini ni homoni ya figo inayouamuru uboho utengeneze seli, hivyo sindano zake huwafaa hasa wenye ugonjwa sugu wa figo. Bila chuma cha kutosha amri hiyo haitekelezeki, kwa hiyo sindano zisipoleta matokeo, feritini, yaani akiba ya chuma mwilini, ipimwe kabla ya kuongeza dozi. Kuilazimisha himoglobini ipite 13 kwa wagonjwa hawa huongeza hatari ya kiharusi.