Sanitaiza na kuhara kwa antibaotiki

"Si nimeshapaka sanitaiza, mikono si safi tayari?"

Kwa vijidudu vingi iko poa, ila kuna bakteria anaitwa Klostridioides difisile, huyu akitoka tumboni anajifungia kwenye ganda gumu linaloitwa spora, na spiriti ya sanitaiza hailiui kabisa. Sabuni nayo hailiui, ila ukisugua na kusuuza kwa maji yanayotiririka linaondoka mkononi, hapo ndo tofauti ilipo.

Chukulia mgonjwa wa nimonia, siku ya tano ya antibaotiki anaanza kuhara, mara 4 kwa siku, maji maji. Antibaotiki imeua bakteria wazuri wa utumbo, huyu Klostridioides difisile kapata nafasi anamwaga sumu. Wanapima kinyesi, kile cha kuhara tu, maana kuna watu wanambeba bila kuumwa na kipimo kitamwonyesha tu. Ile antibaotiki ya mwanzo inasimamishwa kama inawezekana (daktari aamue, usijiachishe mwenyewe), halafu mara nyingi mgonjwa anapewa antibaotiki nyingine, vankomaisini ya kumeza, miligramu 125 mara 4 kwa siku, siku 10. Ya kumeza jamani, ya mshipani haifiki utumboni vya kutosha.

Wodini anapewa chumba na choo chake, wahudumu wanavaa glavu na gauni, na reli za kitanda zinafutwa kwa dawa ya klorini. Ukitaka kuhakikisha, soma lebo ya dawa ya kusafishia: kuua bakteria peke yake haitoshi, tafuta palipoandikwa inaua spora na inabidi ikae dakika ngapi kabla ya kufutwa.