Daftari la choo na chati ya Bristol ni nini?

Daftari la choo ni kumbukumbu ya kila unapokwenda haja kubwa: siku, saa, umbo la choo, na kama ulikamua au ulibanwa ghafla. Umbo huandikwa kwa namba kutoka chati ya Bristol, iliyotengenezwa na madaktari wa mji huo wa Uingereza na kuchapishwa mwaka 1997. Namba 1 ni vidonge vigumu vilivyoachana, kama mavi ya mbuzi. Namba 2 ni gogo lenye manundu. 3 na 4 ndicho choo cha kawaida: gogo lenye nyufa kwa juu, au laini lisilo na nyufa. 5 ni mabonge laini, 6 ni rojorojo, 7 ni maji matupu. Choo kikikaa sana tumboni hunyonywa maji na kukauka, ndiyo maana namba ndogo huashiria kufunga choo.

Mchukulie bibi wa Ngamiani, Tanga, anayetumia vidonge vikali vya maumivu ya mgongo. Anamwambia daktari, "Mwanangu, tumbo linaniendesha." Akisikia hilo tu, daktari anaweza kumpa dawa ya kuzuia kuharisha. Lakini mjukuu wake amekuwa akimwandikia:

Jumatatu na Jumanne, hakwenda. Jumatano alfajiri, namba 1, vidonge vichache vya choo, alikamua sana. Alhamisi, hakwenda. Ijumaa, namba 7 mara nne, kidogo kidogo, mara moja kimemtoka kwenye kanga bila kujijua.

Hapo daktari anashuku kitu kingine kabisa. Choo kigumu huenda kimejikusanya mwisho wa utumbo mpana, na majimaji ya nyuma yake yanapenya pembeni. Bibi amefunga choo, na dawa ya kuzuia kuharisha ingemzidishia. Vidonge vya maumivu vya jamii ya kodeini na tramadol husababisha hali hiyo mara nyingi. Daktari atamgusa tumbo, na pengine kumpima kwa kidole njia ya haja kubwa, kabla ya kuamua dawa ya kulainisha.

Tazama kwamba siku tupu ndizo zilizofichua jambo, kwa hiyo nazo ziandikwe. Andika pia kila dawa na siku uliyoanza kuitumia, hata ya kulainisha choo, kwa kuwa hubadilisha namba. Wiki mbili kwa kawaida zinatosha. Andika palepale utokapo chooni. Ukingoja usiku utakumbuka safari mbaya tu.

Namba haisemi chochote kuhusu rangi. Damu, au choo cheusi kinachonata kama lami, visingoje daftari lijae: nenda hospitali siku hiyohiyo. Vidonge vya madini ya chuma navyo hufanya choo kiwe cheusi, basi mtajie daktari kama unavimeza. Kukonda bila sababu, au kuamshwa usiku na kuharisha, mweleze mapema.