Embe kwenye picha: tazama mabega kabla ya rangi

Msimu wa maembe Tabora, biashara nyingi siku hizi huanzia kwenye simu. Mkulima wa Sikonge hupiga picha ya maembe yake, humtumia mnunuzi wa mjini, na bei huanza kuzungumzwa hapo hapo. Kosa tunaloliona mara kwa mara ni mnunuzi kukimbilia rangi.

Wekundu wa shavuni huletwa na jua. Embe lililoelekea jua huweza kuwa jekundu likiwa bado changa, na lililofichwa na majani likakomaa bila wekundu wowote. Aina ya Keitt ndiyo inayochanganya zaidi, maana huiva ganda likiwa bado la kijani.

Umbo husema zaidi. Tazama mabega, yaani sehemu inayozunguka kikonyo. Kwa embe changa mabega huteremka kutoka kwenye kikonyo. Likikomaa hunyanyuka hadi kikonyo kikaonekana kama kimezama kwenye kishimo, na mashavu hujaa. Picha ya lundo lililopigwa kwa juu haionyeshi haya. Omba embe moja lipigwe kwa ubavu, kikonyo kikiwa juu.

Tuchukue mfano wa picha yenye madodo matatu. La kwanza lina baka la njano upande mmoja, ndilo linalovutia macho. Lakini mabega yake bado yameteremka, na ukikuza picha unaona kitundu kidogo katikati ya baka, chenye tone la utomvu lililokauka. Hiyo ni alama ya nzi wa matunda: ametaga mayai, na ganda likageuka njano mapema mahali hapo. Ndani yumkini kuna funza.

La pili ni kijani, mabega yamejaa, na lina michirizi myeusi inayotiririka kutoka kwenye kikonyo. Wengi hulikataa. Michirizi hiyo ni ganda lililoungua kwa utomvu wakati wa kuchuma. Nyama ya ndani kwa kawaida haijaguswa. Hili limekomaa, livundike, litaiva baada ya siku chache.

La tatu ni njano, limejaa, ila lina madoa meusi yaliyobonyea kidogo. Huo ni ugonjwa wa chule. Madoa hayo hupanuka kadiri embe linavyoiva, kwa hiyo liuzwe na kuliwa hapo hapo, si la kupakia treni ya Dar es Salaam.

Kuhusu mwanga, picha iliyopigwa chini ya balbu ya njano hulifanya embe bichi lionekane limeanza kuiva. Muuzaji aweke karatasi nyeupe kando ya embe na kupiga picha kivulini, mchana. Karatasi ikionekana ya njano kwenye picha, rangi ya embe nayo usiiamini.

Ulaini, harufu na michubuko iliyo chini ya ganda havionekani kwenye picha. Kwa mzigo mkubwa, mwambie muuzaji akate embe moja na kupiga picha ya ndani: nyama iliyo karibu na kokwa ikiwa bado nyeupe, mwambie asubiri kuchuma.