Uwiano wa 2 si hakikisho la usalama

"Nimeambiwa kampuni ikiwa na uwiano wa ukwasi wa 2 na kuendelea, haina shida ya kulipa madeni. Ni kweli?"

Si lazima. Uwiano huo ni mali za muda mfupi kugawanya kwa madeni yanayodaiwa ndani ya miezi 12, na haukuambii mali hizo ni za aina gani. Chukua mfano wa kampuni yenye mali za muda mfupi za milioni 200 na madeni ya milioni 100. Jibu ni 2. Sasa fungua mizania: milioni 140 ni bidhaa zilizolala ghalani. Ukiziondoa, zinabaki milioni 60, na uwiano unashuka hadi 0.6. Bidhaa zisipouzika, mishahara italipwa na nini? Kinyume chake, maduka makubwa yanayouza kwa fedha taslimu na kuwalipa wasambazaji baadaye huweza kuwa chini ya 1 bila kutetereka.

Uwiano wa mikopo kwa mtaji nao una mtego wake, hasa katika ripoti za nje. Mikopo ikiwa 300 na mtaji wa wanahisa 200, ripoti moja itaandika asilimia 150 (300/200), nyingine, inayogawanya kwa mikopo na mtaji kwa pamoja, asilimia 60 (300/500). Kampuni ni ileile. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha, tafuta kanuni iliyotumika, kisha kokotoa mwenyewe. Halafu soma maelezo ya mikopo: inaiva lini? Mkopo wa miaka mitano ukibakiza miezi 12, huhamia kwenye madeni ya muda mfupi, na ukwasi hushuka ghafla.