Kuitoa saa kwenye picha na kuurudisha mkono uliokuwa chini yake

Nahodha mmoja wa boti za kutembeza watalii pale Dunga, Kisumu, aliniletea picha aliyotaka kuichapisha kwenye bango. Ameshika ukingo wa boti kwa mkono wa kushoto, jua la alasiri linatoka upande wa ziwa, na kioo cha saa yake kimelipokea lote. Mahali pa saa pamebaki doa jeupe linalovuta jicho kuliko uso wake. Aliniambia, "Dada, saa itoke, lakini mkono ubaki wangu."

Ombi hilo ni zito kuliko linavyosikika. Mtu anayeshinda majini huchomwa na jua kutoka juu na tena kutoka kwenye maji, na ngozi iliyojificha chini ya saa hubaki na rangi nyingine kabisa. Katika picha hii saa ilikuwa imeteleza kidogo kuelekea kiganjani, kwa hiyo juu yake kulionekana ukanda wa ngozi isiyoungua, upana wa kidole. Ukifuta saa na kuuacha ukanda huo, mtazamaji ataona mkono uliofungwa bendeji. Mimi sijaribu kamwe kuuhifadhi ukanda ule wa asili. Kwanza naujenga mkono wote kwa rangi moja ya jua, kana kwamba hajawahi kuvaa saa. Halafu alama ya saa naichora upya kwenye leya yake ndani ya Photoshop, kwa kiasi ninachotaka.

Naanza na umbo, kabla ya ngozi. Saa hukaa juu ya mkono na kuchomoza nje ya mstari wake, hivyo ukiitoa unabaki na pengo la mandhari pia. Kwa Pen Tool nachora njia mbili, moja kila upande wa mkono, kutoka kigasha hadi kiganja. Hapa wengi huvuta mstari ulionyooka, na mkono unatoka kama bomba. Kifundo cha mkono huwa chembamba kabla tu ya kiganja, na upande wa kidole kidogo kuna kile kijifupa kinachochomoza. Kwa nahodha nusu ya kijifupa hicho ilikuwa imefichwa na mkanda wa saa, kwa hiyo niliimalizia kwa kufuata nusu iliyoonekana. Njia zikikamilika naziunganisha ncha na kuzigeuza kuwa uteuzi wa mkono, nageuza uteuzi ili nijaze mandhari nje yake, kisha naugeuza tena ili nifanye kazi ndani tu.

Ngozi naitoa kwenye kigasha chenyewe, juu ya ule ukanda mweupe. Nafungua leya tupu, nachagua Clone Stamp, na kwenye Sample naweka Current & Below ili picha ya asili isiguswe. Kwa kuwa mkono unapungua unene kuelekea kifundo, vinyweleo na vitundu vya ngozi navyo vinapaswa kubadili mwelekeo kidogo. Kidirisha cha Clone Source kinaniruhusu kuizungusha sampuli digrii chache na kuipunguza hadi asilimia 90 hivi. Nabadilisha mahali pa kuchukulia kila baada ya miguso michache. Kovu dogo likijirudia mara mbili kwenye mkono mmoja, kila mtu atalijua.

Healing Brush naiweka kando mpaka saa iwe imekwisha kabisa. Chombo hicho huchanganya rangi ya sehemu unayoigusa na rangi ya kingo zake, na kikikaribia chuma au mkanda mweusi kitauvuta weusi huo ndani ya ngozi, na utabaki na wingu la kijivu lisilofutika vizuri. Ngozi ikishazunguka pande zote, hapo ndipo inafaa kulainisha viungio.

Kivuli ndicho kilichonichukua muda mrefu. Kulikuwa na vivuli viwili, na kila kimoja kilitaka matibabu yake. Cha kwanza ni cha mkono wenyewe: upande wa juu una mwanga, kisha rangi inazidi kuwa nzito ikielekea chini, na mwisho kabisa kuna mwanga hafifu uliorudishwa na maji. Mteremko huo lazima upite bila kukatika pale saa ilipokuwa. Naujenga kwa leya ya Curves iliyoshushwa, maski yake nikaijaza nyeusi, halafu naupaka kivuli kwa brashi laini yenye Flow ya asilimia 5, nikifuata mviringo wa mkono. Kwenye ngozi ya kahawia kivuli huelekea wekundu, hivyo ndani ya Curves chaneli ya Red naishusha kwa kiasi kidogo kuliko nyingine. Usipofanya hivyo kivuli kitaonekana kama majivu.

Cha pili ni kivuli cha saa, utepe mweusi uliolalia nyuma ya kiganja. Hicho lazima kitoke, lakini chini yake kulikuwa na mishipa ambayo sikutaka kuipoteza kwa kuibandika ngozi nyingine juu. Nilikiinua kwa Curves. Tatizo ni kwamba ndani ya kivuli jua halifiki, mwanga wa anga peke yake ndio unaoingia, nao ni wa samawati. Ukikiangaza tu unapata ngozi baridi, kama ya maiti. Kwa hiyo juu yake niliweka leya tupu yenye hali ya Color, nikachukua rangi ya ngozi iliyo pembeni, nikapaka kidogokidogo mpaka joto lake likarudi.

Sasa alama ya saa. Kabla sijaifuta ile ya asili nilikuwa nimesoma vipimo vyake kwenye kidirisha cha Info, kidondoshi kikiwa 5 by 5 Average. Ngozi iliyoungua ilisoma R 118, G 78, B 56. Ukanda ulisoma R 141, G 99, B 74. Angalia uwiano: nyekundu imepanda kwa karibu sehemu ya tano, samawati kwa karibu theluthi. Maana yake ukanda si ngozi ileile iliyoangazwa tu. Rangi yake pia imepoa. Ukiinua chaneli zote kwa uwiano mmoja utapata ukanda wa rangi ya chungwa.

Umbo la alama nalo lina siri. Saa huacha duara mahali pa kichwa chake na utepe mwembamba mahali pa mkanda, na utepe huo huuzunguka mkono kwa upinde, haukati moja kwa moja. Kingo zake ni laini kwa sababu saa hutelezateleza mchana kutwa. Niliichora kwenye maski ya Curves, nikailainisha kingo, halafu nikashusha Opacity hadi asilimia 30. Kwa kiasi hicho hakuna anayeitazama kwanza, ila anayemjua nahodha anaiona. Kwa picha ya kutundikwa sebuleni ningeiongeza.

Kabla ya kuituma naweka juu ya kila kitu leya ya Black & White, na juu yake Curves iliyopindwa kama wimbi, yenye milima na mabonde. Mabaka ambayo jicho halikuyaona hujitokeza hapo kama madoa ya mafuta juu ya maji. Kwa nahodha yalitokea mawili karibu na kile kijifupa, ambako mteremko wa kivuli ulikuwa umepanda ghafla. Niliyasawazisha kwenye maski, nikazizima zile leya mbili, nikahifadhi faili ya PSD pamoja na leya zote ili alama ya saa iweze kuongezwa au kupunguzwa mteja akibadili nia, kisha nikatoa nakala ya TIFF kwa ajili ya mchapaji.