Mkono wa birika kwenye alama za kikundi

Nafundisha takwimu mwaka wa pili. Kila muhula, kazi ya kikundi ikishasahihishwa, kuna mwanafunzi anabisha hodi kulalamika kwamba fulani alionekana siku ya kuwasilisha tu, na wamepata alama sawa. Ndiyo maana nawapa fomu ya siri: kila mmoja awape wenzake 0 hadi 5 kwa mchango wao, bila kujipa yeye mwenyewe. Fomu ni rahisi. Kwenye hesabu ndiko niliko wahi kuumiza watu.

Chukua kikundi cha wanne kilichopata 60 kwa ripoti yao. Nitawaita Kiongozi, Mchambuzi, Mwandishi na Mgeni (huyu wa mwisho mnamjua). Namba nimezilainisha kidogo ili hesabu isisumbue.

Kiongozi aliwapa Mchambuzi 4, Mwandishi 4, Mgeni 2. Mchambuzi, mtu wa huruma, aliwamwagia wote 5. Mwandishi ni mkono wa birika: Kiongozi 2, Mchambuzi 2, Mgeni 1. Mgeni naye akampa Kiongozi 5, Mchambuzi 3, Mwandishi 2.

Ukichukua wastani wa alama alizopokea kila mtu, Mwandishi anapata 3.67 na Mchambuzi 3. Mwandishi mbele. Lakini hebu tazama imetokeaje. Mwandishi amevuna ile 5 ya Mchambuzi, wakati Mchambuzi ameambulia 2 ya Mwandishi. Kwa kuwa hakuna anayejipima, ubahili wa Mwandishi unawashusha wote isipokuwa yeye. Wanafunzi wakishaligundua hilo, muhula unaofuata fomu zinarudi zimejaa moja moja.

Dawa yake ni kugawa kila alama kwa jumla ya alama alizotoa mpimaji yuleyule. Kiongozi alitoa jumla ya 10, kwa hiyo 4 yake ni fungu la 0.4. Mwandishi alitoa 5 tu, na 2 yake nayo ni 0.4. Sasa mkarimu na bahili kila mmoja ana keki moja ya kugawa. Jumlisha mafungu aliyopokea kila mtu: Kiongozi 1.23, Mchambuzi 1.10, Mwandishi 0.93, Mgeni 0.73. Mchambuzi amempita Mwandishi, na hakuna aliyebadilisha maoni yake.

Jumla hiyo ndiyo kizidishi cha mtu, yaani namba ya kuzidishia alama ya kikundi. Sikitumii kwenye alama yote, maana kinamlinganisha mtu na kikundi chake tu. Palipo na watatu hodari kupita kiasi, wa nne aliyefanya kazi vizuri atashuka chini ya 1 bila kosa. Kwa hiyo nusu ya zile 60 ni ya wote, na nusu nyingine ndiyo inayozidishwa. Kiongozi anapata 67, Mchambuzi 63, Mwandishi 58, Mgeni 52. Wastani wa kikundi unabaki 60.

Sasa nije kwenye kosa langu. Mgeni asiporudisha fomu, inakuwaje? Mfumo wa WebPA, uliotengenezwa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, unazidisha mafungu kwa idadi ya wanakikundi ukigawa kwa waliorudisha fomu; hapa 4/3. Nikanakili kanuni hiyo jinsi ilivyo. Mgeni akaruka hadi 0.98, sawasawa na Kiongozi! Nilikaa na karatasi jioni nzima kabla sijaona. Kanuni ile inakwenda sawa pale wanafunzi wanapojipima pia, kwa sababu kila mmoja anakuwa amepimwa na idadi ileile ya watu. Kwangu hawajipimi. Mgeni alipimwa na watatu, wenzake wakapimwa na wawili wawili. Utoro wa fomu ukamlipa.

Siku hizi natafuta wastani wa mafungu, kisha nazidisha kwa 3, yaani idadi ya wenzake. Mgeni anabaki 0.73, Kiongozi 1.10. Kwenye jedwali, wapimaji wako mistari ya 2 hadi 5, wanaopimwa safu B hadi E, na mafungu naanzia H:

```
=IF(B2="","",B2/SUM($B2:$E2))
=3*AVERAGE(H2:H5)
```

Ile `IF` usiiache. Bila hiyo, kisanduku cha mtu kujipima, ambacho kiko wazi, kitasomeka 0 na kuingia kwenye wastani.

Hesabu haiwezi kukuambia kama watatu wamekula njama dhidi ya mmoja. Mtu akishuka chini ya 0.8 namwita kabla sijatoa alama, aje na rasimu zake na madodoso aliyojaza. Mmoja alikuja na daftari la siku tatu za kuhoji wauza mboga sokoni, lina vumbi na namba za vibanda. Wenzake hawakujua, kwa sababu alikwenda peke yake na data akamkabidhi mtu mmoja. Kizidishi chake nilikirudisha kwenye 1.

Vikundi vya watatu siwapi fomu kabisa. Kila mtu anapimwa na wawili tu, na ugomvi wa bwenini unatosha kumzamisha. Hao nawahoji mmoja mmoja, dakika kumi kila mtu, ripoti yao ikiwa mezani.