"Up" si juu tu: kufundisha vitenzi virai kwa maana ya kijineno

Kitenzi kirai ni kitenzi cha Kiingereza kinachofuatana na kijineno kifupi, kama "go up", "use up" au "run out", na vikiwa pamoja vinatoa maana ambayo kitenzi peke yake hakina. Darasani tumezoea kuviita frezo vebu. Kwa kawaida hufundishwa kwa orodha. Mwalimu anachukua "get", anaandika ubaoni "get up", "get out", "get over", "get by" na ndugu zake wote, kila kimoja na maana yake pembeni, kisha wanafunzi wanakariri. Baada ya wiki mbili orodha ya "get" imechanganyika na orodha ya "take".

Kuna njia nyingine, nayo inaanzia upande wa pili. Badala ya kupanga kwa kitenzi, unapanga kwa kijineno, kwa sababu vijineno ni vichache na kila kimoja kina kazi chache kinazozirudia katika vitenzi vingi. Mwanafunzi akizishika kazi hizo, anaweza kukutana na kitenzi kirai asichowahi kukiona akakaribia maana yake.

Msemaji wa Kiswahili ana sababu ya kuielewa njia hii haraka. Hakuna aliyetukaririsha kwamba fukua ni kinyume cha fukia, zibua kinyume cha ziba, tegua kinyume cha tega, kunjua kinyume cha kunja. Mtoto wa Newala akisikia "pangua" kwa mara ya kwanza anajua kwamba kilichopangwa kinavurugwa, kwa kuwa ile -ua ya mwisho ameshaisikia ikifanya kazi hiyo kwingine. Sisi tunaiunganisha na kitenzi. Mwingereza anaiacha kazi ya aina hiyo ikae peke yake baada ya kitenzi. Kazi zenyewe hazilingani moja kwa moja, lakini akili inayotumika kuzitambua ni ileile.

Nitakaa na "up" tu, maana ndicho kijineno kinachosumbua zaidi. Wanafunzi wengi wanajua kwamba ni "juu", na hapo ndipo wanapoangukia. Chukua kifungu hiki kifupi, ambacho mwalimu yeyote wa nyanda za juu za Makonde anaweza kukiandika ubaoni, kwa kuwa shida ya maji kule kila mtu anaijua:

"By September the well had dried up. We used up the water in the tank, and the price of a bucket went up. Then a man turned up with a bajaji full of buckets. I could not put up with the queue."

Waulize wanafunzi kisima kimefanya nini. Anayetafsiri neno kwa neno atakwambia kimekauka juu, yaani pale juu pamekauka lakini chini maji yapo. Amepata kinyume kabisa cha kilichosemwa. Kuhusu yule mtu wa bajaji atasema "aligeuka juu", na hapo darasa litacheka bila kujua kwa nini ni kosa.

Anza na lile rahisi: "the price went up". Hapa hakuna cha kufundisha sana, kwa sababu sisi wenyewe tunasema bei ya korosho imepanda. Kitu kikiongezeka tunakiona kama kinakwea, Mwingereza naye hivyohivyo. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya "up" baada ya ile ya kwenda juu kwa mwili ni kuongezeka. "Speed up" ni kuongeza mwendo, "turn up the radio" ni kuongeza sauti, "speak up" ni kusema kwa sauti kubwa zaidi, "grow up" ni kuongezeka kimo na umri. Vitenzi vinne, maelezo moja.

Kazi ya pili ndiyo yenye utajiri, na ndiyo itakayokiokoa kisima chetu. Tazama ndoo inavyojaa. Maji yanapanda, yanapanda, yakifika ukingoni hakuna pengine pa kwenda. Kufika juu na kukamilika ni tukio moja. Hapo ndipo "up" inapopata maana ya hadi mwisho, bila kubaki kitu. "Fill up" ni kujaza hadi pomoni. Maana hiyo ikishazaliwa inaachana na juu kabisa, inatumika hata pale ambapo kitu kinashuka au kinapungua: "use up" ni kutumia chote, "eat up" ni kula mpaka sahani iwe tupu, "dry up" ni kukauka pasibaki tone. Kisima kilishuka, lakini kwa Kiingereza ni "up", kwa sababu kijineno hakizungumzii tena mahali, kinazungumzia mwisho. Mwanaisimu Susan Lindner aliichambua "up" pamoja na "out" kwa undani katika tasnifu yake ya mwaka 1981 huko Kalifonia, akionyesha kwamba maana hizi zinazoonekana kutapakaa zimeungana, moja ikizaa nyingine. Kabla ya hapo ilikuwa kawaida kuziona kama maana za bahati nasibu tu.

Unajuaje kwamba "up" uliyokutana nayo ni ya ukamilifu? Ipime kwa muda. Kiingereza kinakubali "she ate cassava for an hour", alikula mihogo kwa muda wa saa nzima, labda hakuimaliza. Ukiweka "up", huwezi tena kusema "for an hour", sentensi inagoma. Inayokubalika ni "she ate up the cassava in ten minutes", aliimaliza mihogo ndani ya dakika kumi. Ona pia kwamba mihogo imepata "the". Kitu cha kumalizwa lazima kiwe na mpaka unaojulikana, la sivyo utakimalizaje? Wanafunzi wakifanya jaribio hili kwa sentensi zao wenyewe, "up" inaacha kuwa pambo.

Katika hatua hii mimi hupenda kuweka sentensi mbili zinazotofautiana kwa kijineno tu. Dereva wa bodaboda Mikindani anaweza "fill up the tank" asubuhi na "fill in the form" ya leseni mchana. Tangi linajazwa hadi mwisho. Fomu inaandikwa ndani ya nafasi zilizoachwa wazi. Kitenzi ni kilekile na Kiswahili kinatumia "jaza" kote kuwili, ndiyo maana mwanafunzi wetu huandika "fill up" kwa fomu bila kuona tatizo. Kutofautisha "use up" na "run out" kunahitaji jicho hilohilo. "We used up the water" inatuangalia sisi watumiaji, tumemaliza. "The water ran out" inayaangalia maji, yametoka, chombo kimebaki kitupu. Maji yenyewe yanaweza "run out". Sisi tukiwa mtenda lazima tuongeze "of": "we ran out of water".

Sasa yule mtu wa bajaji. Kazi ya tatu ya "up" ni kutokea, kuja machoni pa watu. Kilichokuwa chini hakionekani; kikiinuka kinaonekana. Kiswahili kina "zuka" na "ibuka" kwa wazo lililo jirani na hilo. "Turn up" na "show up" ni kutokea mahali, mara nyingi bila kutazamiwa, na "a problem came up" ni tatizo limezuka. Hapa mwanafunzi mwenye macho atauliza: mbona "turn up the radio" ilikuwa kuongeza sauti? Swali zuri. Jibu liko kwenye kitu kinachofuata. Redio ina kiasi kinachoweza kupanda. Mtu anayefika hana. Kijineno kina kazi kadhaa, na sentensi ndiyo inayochagua.

Inabaki "put up with", kuvumilia. Hii siiwezi, na mwalimu asijikaze kuieleza kwa hadithi ya kutunga darasani. Ikaririwe kama ilivyo. Hivyo katika kifungu chetu kulikuwa na vitenzi virai vitano, vinne vikafunguka kwa kijineno na kimoja kikagoma, na hakuna haja ya kujifanya kwamba vyote vinafunguka.

Njia hii ina mpaka mwingine ulio mzito zaidi, nao huonekana kwenye madaftari wiki ileile. Mwanafunzi aliyegundua kwamba "up" ni ukamilifu huanza kuibandika kila mahali. Anaandika "I cooked up ugali" akitaka kusema ameupika ukaiva wote, kumbe "cook up" hutumika zaidi kwa kutunga kisa cha uongo au kupika kitu cha harakaharaka. Anaandika "he died up". Kijineno kinasaidia kuelewa ulichokisoma. Hakitoi ruhusa ya kuunda kitenzi kipya. Kwa kuandika, sharti la kukiona kwanza kwa mwenye lugha liko palepale. Tena kuna vichwa vigumu: "slow up" na "slow down" zote ni kupunguza mwendo, na nyumba iliyoteketea ni "burned down" wakati karatasi inaweza kuwa "burned up". Nyumba inaporomoka chini, karatasi inaisha. Hili la pili linaelezeka. La kwanza mpe tu mwanafunzi alijue.

Kuna na mtego wa sarufi. Si kila "up" inayofuata kitenzi ni kijineno chake. Katika "he climbed up the coconut tree", "up" imeshikamana na mnazi, inaonyesha njia. Ijaribu kwa kuweka kiwakilishi. Mnazi utakuwa "he climbed up it". Maji ya tangi yatakuwa "we used it up", kiwakilishi katikati, na "we used up it" ni kosa. Hili ni kosa la kila siku kwetu, kwa sababu Kiswahili kinakiingiza kiwakilishi ndani ya kitenzi, tumeyatumia, na hatujazoea kukitafutia nafasi.

Kwa kuwa Kiingereza ndicho lugha ya kufundishia kuanzia kidato cha kwanza, vitenzi hivi haviishii kwenye kipindi cha Kiingereza. Kitabu cha baiolojia kitasema mizizi "take up water", cha jiografia kitasema mito ya msimu "dry up". Mwalimu wa baiolojia akiwa na dakika mbili, aulize tu: hii "up" ni ya kupanda, ya kuongezeka, ya kumaliza au ya kutokea? Kwenye mizizi, darasa likijibu "ya kupanda" limeshaona maji yakitoka ardhini kwenda kwenye shina. Kwa daftari lenyewe, ukurasa mmoja wa "up" uliogawanywa kwa kazi hizo nne unatosha, na nyuma ya daftari nafasi ya vile vilivyogoma, "put up with" kikiwa cha kwanza.